Punje Kumi kwa Kila Boma

Mwaka ule nilikuwa nimechoka, na siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Mimi ni bwana mifugo, Mpare wa milimani niliyekulia kwenye migomba na ukungu, nikapangiwa kazi huku chini tambarare ya Same ambako jua halina utani na mtu. Ukame mkubwa ulikuwa umepita. Nilikuwa nimeona mizoga mingi kuliko ninayotaka kukumbuka, na harufu yake ilikuwa bado inanifuata hadi mezani.

Ndipo ukaja mpango wa mitamba. Boma zitakazoonekana zimechelewa kuinuka baada ya ukame zingepewa mtamba mmoja mmoja, ng'ombe jike kijana wa kuanzia upya. Mitamba walikuwa wachache, boma ni nyingi. Mkuu wangu wa ofisi akaniambia nimchoree grafu ya mifugo ya kila boma, ili tusije tukaambiwa tumependelea.

Nikachora. Namba nilizokuwa nazo ni za chanjo, kwa sababu ng'ombe akipita kuchomwa sindano tunamwandika. Kampeni ya chanjo ilianza ukame ulipokatika, kwa hiyo kabla ya hapo sikuwa na kitu. Mstari wa mzee mmoja tajiri ulipaa juu peke yake, na boma zingine zote zikabanana chini kabisa ya karatasi, huwezi kujua nani kapanda nani kalala.

"Hii haifai," mkuu akasema. "Mwenye mia akiongeza kumi na mwenye kumi akiongeza kumi, hao wamekua sawa? Waanzishe wote kwenye mia."

Hapo alikuwa sahihi, sina ubishi. Unachukua hesabu ya boma kila mwaka, unaigawa kwa hesabu yake ya kwanza, unazidisha kwa mia. Kila boma inaanza na mia, iwe na kundi au iwe na ng'ombe wa kufungia kwenye mti mmoja. Hapo ndipo unaona kasi ya kila mmoja.

Nikafanya hivyo, na grafu ikapinduka. Juu kabisa akatokea mama mmoja mjane ninayemfahamu, boma yake iko upande wa Hedaru, mbali na barabara. Chanjo ya kwanza alileta ng'ombe wanane, ya mwisho kumi na wanne. Mia imekuwa mia moja sabini na tano. Yule mzee tajiri akasimama kwenye mia moja thelathini na saba. Kwa kipimo hicho mjane ameshainuka, na tajiri ndiye aliyechelewa.

Lo! Nilikodolea ile karatasi macho hadi chai ikapoa. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Mkuu akaipenda, akasema sasa ni haki tupu, niende nikawasomee wafugaji.

Tulikutana kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilimwamkia yule mama, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa chini na shuka yake kusikiliza majina yakisomwa. Nilipofika kwenye jina lake na kusema hayumo kwa kuwa mifugo yake imekua kuliko ya wote, watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hiyo mia yangu," akauliza, "mmeianzia wapi?"

"Chanjo ya kwanza, mama."

"Yaani nikiwa nimeshazika ng'ombe wangu."

"Ndiyo."

"Na huyu mzee naye mkamwanzia hapo hapo?"

"Wote hapo hapo."

"Yeye ukame ulimpapasa. Mimi ulinila. Mtu uliyemwokota shimoni ukimpima urefu kuanzia shimoni, kila hatua ataonekana jitu."

Nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa sababu nilijua ni kweli na nilijua maana yake ni kuanza kazi upya. Tulitaka kujua nani hajarudi alipokuwa kabla ya ukame. Basi mia ilipaswa kuwekwa kabla ya ukame, siyo siku ambayo mmoja amejikwaa na mwingine amevunjika miguu yote miwili.

Lakini hesabu ya kabla ya ukame ningeipata wapi? Mfugaji hakutajii idadi ya ng'ombe wake. Kuwahesabu kwa mdomo ni kuwaitia balaa, na ukimuuliza atakwambia "wapo tu," basi. Nimeuliza swali hilo miaka yote ya kazi yangu, na jibu ni wapo tu.

Nikarudi nyumbani hoi. Mke wangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwangalia, nikamwomba kopo moja. Chuoni tuliwahi kufundishwa kitu cha namna hiyo, kukadiria mali kwa punje, nikakidharau.

Juma lililofuata nikarudi joshoni na kopo langu. Nikamwaga punje kumi mbele ya kila mwenye boma. "Hizi kumi ni mifugo yako yote kabla ya ukame," nikasema. "Sitaki kujua ni wangapi. Kama leo umepungukiwa, ondoa. Kama umezidi, ongeza. Waliobaki nyuma sana ndio watakaopewa mitamba."

"Mpare huyu!" mzee tajiri akasema. "Ameshindwa kuhesabu ng'ombe, sasa anahesabu mboga."

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana utani huo tumeuzoea. Lakini walipanga. Majirani walikuwa wanachunguliana, na aliyeondoa punje nyingi kuliko ukweli alipigiwa kelele hapo hapo. Mzee alijua kabisa kwamba akiondoa mbili tatu mtamba anaweza kuwa wake. Hakuweza. Kuonekana mbele ya watu amepungukiwa ilikuwa ni aibu asiyoimudu. Akachota kwenye kopo, akaongeza moja, zikawa kumi na moja.

Yule mama akaondoa tatu, zikabaki saba.

Mkuu alinung'unika kwamba maharage siyo takwimu. Nikamwambia punje kumi na mia ni kitu kimoja, zidisha tu kwa kumi: mzee ana mia na kumi, mama ana sabini, na wote wameanzia pamoja kabla ya janga. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Nafikiri naye alikuwa amechoka.

Siku ya kugawa mitamba, mimi mwenyewe nilimpelekea yule mama. Mtamba mwekundu, mwenye doa jeupe usoni. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya kwanza kwa muda mrefu. Mama aliushika ukosi wa ng'ombe yule, akampapasa masikio, akaniambia ahsante mwanangu.

"Sasa mama," nikasema kwa kujisifu kidogo, "zile saba tunaongeza punje moja."

Akaingia ndani. Alitoka na punje zile zile kumi za joshoni, alikuwa amezifunga kwenye pindo la shuka. Akazipanga saba juu ya jiwe. Akatoa ya nane, akaitia mdomoni, akaing'ata ikapasuka katikati. Nusu akaitema mchangani. Nusu akaiweka mwisho wa mstari.

Ng'ombe kumi na wanne wa chanjo kwa punje saba: hesabu hiyo ningeweza kuipiga tangu siku ile joshoni. Lakini hakuna mfugaji aliyewahi kunitajia idadi yake, na yeye alikuwa amenitajia sasa: kila punje ni ng'ombe wawili.

"Bado mbili na nusu," akasema, akaenda kumtafutia mtamba maji.