Gari Lililopumzishwa

Mimi nafua nguo za watu, na nasema bila kuona haya kwamba gari la Mzee Breki nilianza kulichukia kwa sababu ya mashuka. Kila Jumamosi asubuhi, nikishaanika mashuka meupe ya nyumba ya wageni, jirani yangu huyo alitoka na kaptula yake, akalivua gari turubai, akaingia, akawasha. Lo! Moshi wa buluu ulitoka nyuma ukafunika ua mzima. Kamba yangu yote ikanuka oili iliyoungua, nikarudia kufua.

"We mzee, unatufukiza kama nyuki!" nilikuwa nampigia kelele.

"Vumilia, jirani. Unakwisha sasa hivi."

Na kweli ulikwisha. Ulitoka kwa fujo, kisha ukapungua, kisha ukakatika kabisa, injini ikabaki inanguruma taratibu. Yeye aliisikiliza kwa muda, uso umekunjamana, akazima, akarudisha turubai. Haendi popote. Gari lilikuwa linawashwa ili lisife, halafu linalazwa.

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake, kwa kuwa mguu wake ulipenda breki kuliko mafuta. Maisha yake yote aliendesha lori la kampuni ya mbao, na hakuwahi kugonga hata kuku. Alipostaafu alinunua gari dogo, la mkono wa pili lakini zuri, kwa ajili ya kitu kimoja tu. Alitaka kumpeleka mkewe kwao.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona viraka na kupunguza nguo, mwanamke wa maneno machache na kicheko kingi. Mimi namwita dada, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Kwao ni huko juu milimani, basi halifiki. Linakushusha njia panda, unapanda kwa miguu nusu ya siku. Dada yake mkubwa yuko bado kule, mzee kuliko yeye, magoti yamekataa kushuka. Hawakuwa wameonana tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi.

"Kuna kona moja," aliniambia siku tunakunja nguo, "ukifika pale bonde lote liko chini yako. Bati la nyumba yetu unaliona linang'aa. Nikiwa mdogo nilidhani dunia yote inaishia pale."

Basi macho yake yakaanza kuharibika. Mimi mjinga sikujua. Alikuwa anajikwaa kwenye ndoo zangu, nami nikawa namsema, "Dada, unatembea unaota?" Alicheka tu, akaomba radhi. Alipokwenda hospitali akaambiwa ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, ikimaliza pembeni inaingia katikati. Dawa za matone zinazuia kidogo, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Jioni hiyo alimwambia mumewe mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba, nipeleke nyumbani wakati bado naona."

Mzee Breki alilitazama turubai. "Nitakupeleka. Ila gari linaumwa, mama. Ringi zimekwisha. Huoni moshi?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokwama, na mimi hadi leo nikikumbuka moyo unaniuma. Mzee Breki alikuwa anajua jambo moja kuhusu moshi wa buluu. Lile lori la mbao lilianza hivyohivyo, likawa linakunywa oili, na siku moja kwenye mlima mrefu likakosa nguvu kabisa, likamwacha porini na mzigo. Fundi wa kampuni alipofungua injini alimwonyesha ringi za pistoni zilivyolika. Tangu hapo, kwake yeye, moshi wa buluu ni ringi, na ringi ni kifo cha injini. Mafundi wa mtaani hakutaka hata kuwasikia. "Wakishaifungua," alisema, "hairudi kama ilivyokuwa."

Kwa hiyo akawa analipumzisha gari. Alifikiri injini ina pumzi kidogo iliyobaki, na pumzi hiyo anamtunzia mkewe kwa safari moja ya mlimani. Hakuenda nalo sokoni, hakuenda nalo hata msibani. Na kadiri alivyolipumzisha, ndivyo moshi ulivyozidi. Jumamosi aliyolala na homa asiliwashe, Jumamosi iliyofuata ulitoka moshi wa kutisha. Alishika kichwa. "Linazidi kufa," aliniambia, macho yamejaa maji. Nami niliyekuwa na mdomo wa kumtukana kuhusu mashuka, niliyaanua tu, nikarudia kufua.

"Twende hata na basi," dada alimwomba. "Nitapanda kwa miguu polepole."

"Mimi dereva, mke wangu apandishwe mlima kwa miguu? Kwa macho hayo? Subiri kidogo, mama. Tukienda, tutakwenda vizuri."

Dada akasubiri. Kwanza alianza kuniletea sindano nimtungie uzi. Kisha akaacha kushona. Kisha akawa ananitambua kwa sauti, na siku nisiposema kitu alinipita mlangoni kama nguzo. Mumewe alimshika mkono kumpeleka chooni kwa upole ambao ulinifanya nimwonee huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

Kilichomleta fundi ni mashuka, si akili zangu. Meneja wa nyumba ya wageni alinirudishia furushi zima akisema linanuka gereji. Nikapandisha mori, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi wa magari wanayemwita Plagi. "Njoo uue hilo gari au uliponye," nilimwambia, "mimi nimechoka!"

Plagi hakuja na haraka yoyote. Alituma neno kwamba gari lisiwashwe mpaka afike, kwani likishapata moto hataona kitu. Alipofika akamsalimia mzee kwa heshima zote, shikamoo na habari za nyumbani, kisha akasimama nyuma ya bomba la moshi. "Washa, mzee wangu."

Moshi ukatoka. Plagi hakukimbia, alitazama ukipungua hadi ukaisha. Akamwambia mzee akanyage mafuta. Haukutoka. Akafungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Hewa haikuwa inasukuma kutoka chini kama ambavyo ingesukuma injini ikiwa imechoka.

"Oili unaongeza mara kwa mara?"

"Kidogo sana," mzee alisema. "Lakini gari lenyewe halitembei."

Tukaenda kuupanda mlima wa shule, mimi nimekaa nyuma kwa kiherehere. Plagi aliendesha kwa nguvu, anatazama kioo. Nyuma kweupe. Tulipogeuka kushuka, aliachia mafuta kabisa, akaliacha gari lishuke na gia, na kule chini akakanyaga. Hapo nikaona wingu dogo la buluu likiruka nyuma na kupotea.

"Umeona, mzee?" Plagi alisema. "Na lile lori lako la mbao lilikuwa linatoa moshi wakati gani?"

"Siku nzima. Mlimani ndiyo usiseme."

"Asubuhi tu, kisha likaacha?"

Mzee Breki aligeuka akatazama barabara nyuma yetu.

Tuliporudi uani Plagi alitoa plagi zote za kuwashia moto, akafunga geji ya kupimia nguvu ya injini kwenye matundu moja baada ya jingine huku mzee akizungusha injini kwa stata. Silinda zote zilisukuma karibu sawa, na kwa nguvu. Akatia oili kidogo ndani ya kila moja, akapima tena. "Ringi zikiwa zimelika, oili inaziba na geji inapanda sana. Hapa imesogea kidogo tu. Ringi zako ni nzima. Hii injini ni nzima, mzee wangu."

"Na moshi?"

"Juu ya kila valvu, kile kilango cha silinda, kuna kikofia cha mpira kinachozuia oili isiteremke. Vyako vimekauka. Gari likisimama, oili iliyobaki huko juu inachuruzika polepole kupitia valvu hadi ndani ya silinda. Ukiwasha, inaungua yote pamoja, inakwisha; na ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta, injini inaivuta kidogo tena. Kadiri linavyolala ndivyo inavyochuruzika zaidi. Gari hili lingekwenda huko milimani na kurudi siku yoyote ile, bora tu uangalie oili."

"Siku yoyote," mzee alirudia.

"Hata mwaka juzi."

Nilitaka kumfinya Plagi anyamaze. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani na alikuwa amesikia kila kitu. Mzee Breki alimwangalia, na ingawa alijua haonwi, alijificha uso kwa mikono.

Injini haikuteremshwa wala kufunguliwa. Plagi aliingiza kamba kupitia tundu la plagi, akazungusha injini hadi pistoni ikaibana kamba juu na kuzishikilia valvu zisidondoke, akang'oa springi na kubadilisha vile vikofia, silinda moja baada ya nyingine. Vya zamani vilikuwa vigumu kama kucha, vinavunjika mkononi. Mzee aliomba apewe kimoja, akakaa nacho muda mrefu. "Kidude hiki," alisema. "Jamani, kidude hiki!"

Jumamosi iliyofuata aliwasha gari lililolala kutwa na kucha, na mashuka yangu hayakunuka kitu. "Moshi umetoka?" dada aliuliza kutoka barazani. "Haukutoka, mama." "Basi twende," akasema, na akaniomba niende nao nimshike mkono.

Gari lilipanda ule mlima bila kulalamika hata mara moja. Mzee hakugusa redio, aliisikiliza injini. Dada alikuwa akigeuza uso kila tulipopinda, akihesabu kona kwa mwili wake, hadi akasema, "Ni hapa. Simama."

Ilikuwa hapo kweli. Tulimshusha, upepo ukampiga kanga. Bonde lote lilikuwa chini yetu.

"Niambie, baba," alisema.

Mzee Breki alikohoa. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza mlima unafananaje. "Kuna kona kali kushoto," alianza. "Kisha mteremko mrefu, mchanga mwingi, lazima ushuke na gia ya pili. Chini kuna daraja, jembamba, la gari moja. Halafu..."

Dada alicheka, kicheko chake kilekile. "Barabara naijua, baba. Bati je? Linang'aa?"

Mzee alitazama. Mimi nilitazama naye. Bati lilikuwa limepata kutu lote, jekundu, na mbele ya mlango mwanamke mzee alikuwa amesimama, amekinga macho kwa mkono, anatutazama sisi huku juu.

"Linang'aa," alisema. "Dada yako ametoka. Anakuona."

"Mpungie mkono, basi," alisema dada. "Mpungie kwa ajili yangu."

Mzee Breki akaunyanyua mkono wa mkewe, akaupunga.