Kumi ya Mwalimu, Nane ya Kitabu

Kanyere alikuwa mtu wa kupatanisha. Hakuna aliyemtuma, alizaliwa hivyo. Baba yake, Katsuva, alikuwa amehama Butembo na robota za vitenge akaja kutafuta riziki Bunia, na mama yake hakuacha hata siku moja kumlaumu kwa uhamisho huo. Basi tangu utotoni Kanyere alikaa katikati yao mezani, akimpa kila mmoja nusu ya haki, na chakula kikalika. Akakua akiamini kwamba ugomvi wowote duniani humalizwa kwa kuchukua kidogo huku na kidogo kule. Kwa wazazi, dawa hiyo ilifaa. Kwa kwinini, karibu imponze.

Mwaka huo wa vita alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ndogo ya uuguzi mtaani Bigo, madarasa mawili ya kuazima nyuma ya kanisa. Somo la dawa lilifundishwa na Monsieur Théodore, muuguzi mzee aliyefika kwa miguu kutoka Nyankunde akiwa na shati moja na viatu visivyofanana. Vitabu vyake na kadi zake za masomo, kazi ya miaka kumi na tisa, viliungua huko vita vilipofika. Kwa hiyo alifundisha kutoka kichwani. Alisimama, akafumba macho, akasoma imla, na wanafunzi thelathini na mmoja wakaandika. Kubishana naye hakukuzoeleka. Didier aliwahi kumwambia kwamba kitabu kinasema vingine, na mzee akamjibu kwa upole wa kutisha, "Bon. Basi kitabu ndiyo itakusahihisha mutihani." Tangu siku hiyo Didier alikaa kimya hata alipojua jibu.

Mtihani wa mdomo ulipangwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ulikuwa mmoja tu, hakuna wa kurudia, maana hakuna aliyejua kama shule itakuwa wazi wiki ya pili. Mbele ya wanafunzi wangekaa watu wawili: Monsieur Théodore, na Docteur Léon, daktari aliyeazimishwa na shirika fulani, mtu wa kuangalia saa kila mara. Daktari alikuwa ameiachia shule kitabu kimoja cha Kifaransa, kisicho na jalada, nao wanafunzi wakakipokezana nyumba kwa nyumba. Zamu ya Kanyere ilikuwa Jumamosi.

Alifungua ukurasa wa malaria kali, akaweka daftari lake kando, akalinganisha. Daftari lilisema: kwinini, miligramu kumi kwa kila kilo ya mgonjwa, kila saa nane. Kitabu kilisema: miligramu nane za besi kwa kila kilo, kila saa nane. Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mstari. Kumi huku, nane kule. Na Jumatatu mwenye kumi na mwenye nane wangekaa meza moja wakimtazama.

Unajua alichofanya? Alipatanisha. Alichukua namba ya mwalimu, akachukua neno la kitabu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu: "miligramu 10 za besi kwa kilo." Kila mmoja kapata chake. Jioni Espérance, rafiki yake anayekaa nyumba ya tatu, akaja kunakili kama kawaida, kwa sababu darasa zima lilijua kwamba daftari la Kanyere ndilo linalosomeka.

Jumapili milio ya bunduki ilisikika upande wa uwanja wa ndege, na hakuna aliyetoka nyumbani. Kanyere alikaa sakafuni, mbali na dirisha, akajipa hesabu ya kujipima. Mtoto wa kilo kumi na mbili. Kwa mwalimu, miligramu mia moja ishirini. Kwa kitabu, tisini na sita. Akazitazama zile namba mbili, na badala ya usingizi wa mchana akapata jasho. Namba mbili za dawa si baba na mama. Kwinini ikizidi hushusha sukari ya damu na kuvuruga moyo; ikipungua, malaria inaendelea na kazi yake. Ikiwa kweli wale wawili walipingana, mmoja wao alikuwa anaumiza watoto. Na yeye, aliyeandika sentensi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisema, alikuwa upande gani?

Aliona haya, nayo haya hiyo ikamfanya asome vizuri zaidi. Alirudi kwenye kitabu, safari hii si kutafuta namba bali kutafuta namba hiyo inahesabu nini. Kitabu kilisema "besi" kila mahali, bila kusahau hata mara moja. Imla ya mwalimu haikusema chochote baada ya "kwinini". Kumi za nini, basi? Kumuuliza mzee kungekuwa kujitafutia balaa, kumuuliza daktari kungekuwa kumshitaki mzee. Akaamua kuiuliza dawa yenyewe.

Jumatatu saa moja watu walianza kuchungulia barabarani, naye akaondoka kwenda Mudzipela, kwenye zahanati ndogo ya Mama Pétronille, muuguzi aliyewahi kumpokea kwa mazoezi. Karibu na soko palikuwa na kamba imefungwa kuvuka njia na vijana watatu wenye silaha. Mmoja wao alichukua daftari, akalifungua palepale penye hesabu.

"Hizi chiffre ni za nini?" aliuliza. "Mia moja makumi mbili. Makumi tisa na sita. Ni batu ao ni masasi?"

Alishuku ni hesabu ya watu au ya risasi. Siku zile watu walipotea kwa karatasi ndogo kuliko ile.

"Ni dawa ya malaria, yaya, kaka yangu. Ya mutoto wa kilo kumi na mbili."

Kijana akaendelea kutazama ukurasa, kana kwamba anatafuta kitu. "Wa kwangu iko na kilo kumi," alisema mwishowe. Akamrudishia daftari, akashusha kamba. Kanyere akapita, akakaza mwendo.

Mama Pétronille alikuwa anachemsha sindano. Alimsikiliza bila kugeuka, kisha akafuta mikono, akashusha kisanduku cha ampuli kutoka rafuni na kumwekea mbele.

"Usisome paka ile kubwa peke yake," alisema. "Soma na ile kidogo ya chini."

Kwa herufi kubwa kiliandikwa kwinini dikloridrati, miligramu mia sita katika mililita mbili. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa: sawa na kwinini besi miligramu mia nne tisini na mbili.

Kanyere akakaa. Kwa hiyo ndani ya ampuli kwinini haikai peke yake. Imeunganishwa na asidi, na muungano huo ndio unaoitwa chumvi. Ukipima chumvi nzima unapata mia sita. Ukipima kwinini tupu iliyomo, yaani besi, unapata mia nne tisini na mbili. Kioo kilekile, maji yaleyale. Akafanya hesabu pale pale gotini. Kumi za chumvi, mtoto wa kilo kumi na mbili: mia moja ishirini, na kila mililita ina mia tatu, basi sifuri nukta nne. Nane za besi: tisini na sita, na kila mililita ina mia mbili arobaini na sita, basi sifuri nukta tatu tisa. Kwenye bomba la sindano ni mstari uleule. Wazee wake wawili hawakuwahi kugombana.

Kisha akahesabu sentensi yake nyekundu. Kumi za besi: karibu nusu mililita. Zaidi ya moja ya tano juu ya kipimo, kila saa nane, kwa mtoto aliyekwisha kuchoka.

"Mwenye kukosa ni miye, Mama," alisema.

"Afazali umejua mbele ya mutoto kujua," akajibu Mama Pétronille. "Na kisanduku ingine inaandika besi juu, kwa herufi kubwa. Kila mara usome. Beba hii, iko bule." Akamimina ampuli kwenye bakuli, akampa kisanduku kitupu. Ndipo Kanyere alipomkumbuka Espérance, na orodha ya majina ya mtihani, na E inayotangulia K.

Alikimbia. Kwenye kamba walimwacha apite bila kumuuliza.

Alipofika Bigo, Espérance alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa na kitambaa usoni.

"Wameniuliza kwinini," alisema. "Nikajibu dix, kumi za base. Docteur anasema nitaua mutoto. Ameniandikia zéro, Kanyere. Na ilikuwa mu daftari yako."

Mara jina la Kanyere likaitwa.

Swali likawa lilelile, maana Docteur Léon alikuwa bado amekasirika: mtoto wa kilo kumi na mbili, malaria kali, hawezi kumeza, baada ya dozi ya kuanzia, kila saa nane utampa kiasi gani? Kanyere aliweka kisanduku mezani. Alisema kumi kwa kilo ukihesabu chumvi, takriban nane ukihesabu besi. Kwa ampuli hii ni sifuri nukta nne kwa njia zote mbili, ndani ya chupa ya maji ya sukari, itiririke pole pole kwa saa nne. Daktari alichukua kisanduku, akakigeuza, akaandika alama. Hata alitabasamu.

Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa nyuma yake na diploma mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hapakuwa na nusu ya kumpa kila mtu. Alibaki amesimama.

"Docteur, jibu la Espérance si yake. Ni miye niliandika vile. Nilitwaa chiffre ya Monsieur na neno ya kitabu nikavichanganya, juu ya kuogopa kuuliza. Yeye alinakili tu. Kama ni zéro, iwe yangu."

Daktari alimgeukia mzee. Monsieur Théodore alikuwa amefumba macho kama wakati wa imla, na Kanyere akangoja lile jibu la upole.

"Neno sel, chumvi, ilikuwa mu fiche zangu, zile kadi," mzee alisema. "Dix milligrammes de sel. Miaka kumi na tisa niliisoma vile. Fiche ziliungua, na mu kichwa ikabakia paka ile dix peke yake. Sikujua kama neno ilipotea." Akafumbua macho. "Waliogopa kuniuliza. Ile nayo ni ya kwangu."

Docteur Léon hakuangalia saa yake. Akafuta kitu kwenye karatasi, akaenda mlangoni mwenyewe na kumwita Espérance arudi, na mara hii hakumuuliza namba. Alimpa kisanduku na kumwambia asome, mpaka chini. Espérance alisoma kwa sauti inayokatika, akahesabu kwa vidole, akafika kwenye sifuri nukta nne.

Monsieur Théodore hakumsikia vizuri. Alikuwa ameliomba daftari la Kanyere, yeye ambaye hakuwahi kunakili kwa mwanafunzi, na amelilaza kando ya karatasi tupu. Alikata ile sentensi yenye mstari mwekundu kwa kalamu yake. Kisha, kwa mkono wa mtu anayeanza shule, akaandika upya kadi yake ya kwanza.