Chumba Kisicho na Moshi

Mama mkwe alinipokea kutoka hospitali kama yai. Huku kwetu Kibosho mzazi hatoki nje ovyo. Anakaa ndani miezi mitatu, ananyweshwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, analindwa na upepo, na asipokuwa amenenepa siku ya kutoka, basi anayeaibika ni mama mkwe. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuaibika. Mwezi wa saba ulikuwa umeingia na baridi yake, ukungu umelala juu ya migomba tangu asubuhi, na mtoto wangu wa kwanza, wa kike, alikuwa hajafikisha mwezi.

Mama mkwe mwenyewe alizaa watoto wake wote katika nyumba ya nyasi, kuni zikiwaka katikati ya nyumba mchana kutwa. Moshi uliwatoa machozi, lakini ulipenya kwenye nyasi ukaenda zake. Sisi tulikuwa na nyumba ya matofali. Mume wangu alikuwa ameijenga kwa faida ya mitumba aliyouza mjini Moshi, ikawa na bati, dari na madirisha ya vioo, na kuta alizipaka rangi nyeupe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiegemea. Kuni zingeichafua. Kwa hiyo chumba cha mzazi kiliwekewa jiko la mkaa.

Mama mkwe hakuwa mzembe, na naudhishwa sana na wanaosimulia habari hii kana kwamba alikuwa mzembe. Jiko aliliwasha uani. Alilipepea mpaka mkaa wote ukawa mwekundu, asione hata uzi wa moshi, ndipo akaliingiza ndani. Aliamini mkaa ukishaiva sumu yake imekwisha, na hata mimi niliyemaliza sekondari niliamini hivyo hivyo. Matundu ya hewa juu ya dirisha aliyaziba kwa vitenge chakavu, na chini ya mlango akasukumia gunia. Chumba kikawa na joto tamu. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kichwa kilianza kuniuma siku ile ile kabla ya mchana. Kilinibana kwenye paji la uso. Nilipokwenda chooni, maana choo kilikuwa nje, nilijifunika shuka gubigubi kama nilivyoagizwa, na njiani kichwa kikapoa. Nikafikiri ni yale maumivu ya kuja na kuondoka. Niliporudi ndani yakaanza upya, mara hii na kizunguzungu, na mtori ulioletwa ukanichefua kwa harufu tu.

"Ni upepo wa chooni huo," mama mkwe akasema. "Nilikuambia ujifunike vizuri, mama."

"Nilijifunika, mama."

"Basi hukujifunika kichwa."

Akaongeza mkaa. Kisha akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, na baada ya muda nikamwona naye anajishika kichwa. Alisema ni uzee. Watu wawili tunaumwa kichwa kimoja ndani ya chumba kimoja, na kila mmoja ana sababu yake! Nikikumbuka hapo hasira hunipanda, na sijui nimkasirikie nani.

Nilitaka kutapika. Nikaamua kuinuka, na miguu ikakataa. Haikuuma wala haikufa ganzi, ilikataa tu, kama ya mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa ameteleza kutoka kwenye kigoda, ameegemea ukuta ule mweupe, anatapikia kanga yake. Nilimwita, sauti ikatoka kidogo sana. Mtoto alikuwa kifuani kwangu. Wakati wake wa kunyonya ulikuwa umepita na alikuwa hajalia. Nilijua kwamba hilo si la kawaida. Nililijua vizuri kabisa, nikiwa macho, na sikuweza kuunyoosha mkono nimguse shavu. Sijapata kuogopa hivyo tena maishani.

Aliyefungua mlango ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nesi wa zahanati ya parokia. Alikuwa amepita kuniona baada ya kazi. Hakusalimu. Alisukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akavuta dirisha likafunguka lote, akamnyakua mtoto akatoka naye mbio, akamkabidhi jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Akarudi kunishika makwapani, akaniburuta mpaka nje kwenye nyasi zenye maji. Kisha akamtoa mama yake.

"Upepo utamuua mzazi!" mama mkwe akalia, ulimi mzito.

"Mama, kinachowaua kiko kwenye jiko!"

"Jiko halina moshi."

"Ndiyo hatari yake. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki."

Mama mkwe akajikongoja kutaka kurudi ndani kuchukua shuka la kunifunika. Wifi akamzuia kwa nguvu, binti kwa mama yake. Akasema hakuna anayeingia tena mle, na jiko litabaki mpaka chumba kipate hewa ya kutosha. Jirani mwingine alikuja na maziwa, akisema maziwa huua sumu. Wifi akayakataa. Hii imeingia kwa pumzi, akasema, haiko tumboni, na mtu aliyelegea ukimnywesha atapaliwa. Mimi akanilaza ubavu kwa sababu nilikuwa bado natapika.

Mtoto alikuwa na rangi nzuri. Wanawake waliokusanyika walisema, tazama, hana neno, midomo haijawa ya bluu. Wifi akasema rangi yake isitudanganye, hewa ya mkaa humwachia mtu rangi nzuri hata akiwa anakufa. Aliweka sikio kwenye kifua kile kidogo, akasikiliza, kisha akafunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, akapuliza kidogo kidogo, pumzi ya kujaa mashavuni tu. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, nawaona. Mtoto wangu alikuwa anapumuliwa na mtu mwingine na mimi siwezi hata kutambaa. Akapuliza tena. Mtoto akakohoa, akatoa kilio chembamba.

Nilidhani yamekwisha. Wifi akasema tunakwenda hospitali wote watatu, hata mama anayesema kichwa kimepoa, kwa sababu hewa ile hukaa ndani ya damu. Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya kupeleka ndizi sokoni, na dereva alitafutwa kilabuni. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulishuka kwenda Moshi huku mama mkwe akisali rozari, na kila aliponyamaza mtoto nilimtekenya unyayo.

Hospitalini tuliwekewa oksijeni. Kifuniko cha puani cha mtoto kilikuwa kikubwa kuliko uso wake. Maziwa yalinijaa mpaka yakalowesha gauni, na yeye hakuwa na nguvu ya kunyonya mpaka siku iliyofuata. Nilimuuliza daktari kama ubongo umeumia. Alikuwa kijana mpole. Alisema anaweza kukua vizuri kabisa, na anaweza kuchelewa hapa na pale, hakuna kipimo alichonacho cha kuniambia, tungoje akue.

Amekua. Alichelewa kutembea, lakini wapo wengi wanaochelewa. Shuleni hesabu zilimshinda, na mimi pia zilinishinda. Ni mcheshi, anapendwa, na anasahau. Hutumwa chumvi akarudi na sabuni, kisha akasimama mlangoni akijicheka mwenyewe, na nyumba nzima hucheka naye, baba yake, wadogo zake, hata wageni. Mimi na mama mkwe hatucheki. Hatutazamani pia.