Matabishi kwenye Mashine

Siku Mama Mariette alipoleta kompyuta dukani kwake Butembo, Virginie ndiye aliyechaguliwa kujaribu programu mpya ya kuuzia. Alichaguliwa kwa sababu hapakuwa na mwingine, lakini hilo hakuwaambia watu wa mtaani kwake, Kimemi. Aliwaambia kwamba yeye sasa ni testeur. Walipomuuliza kazi yake ni nini hasa, alijibu kwamba haiwezi kuelezeka.

Programu iliandikwa na Edmond, kijana wa Beni aliyesomea kompyuta Kampala. Ilikuwa miaka ya vita, simu hazikufanya kazi, na barabara ya Beni ilifunguka askari wakitaka. Basi taarifa za Virginie zilibebwa na Moustapha, dereva wa lori, aliyependa pia kununua sabuni kwake.

Wiki ya kwanza haijaisha, matatizo yakaanza. Kila jioni mashine ilidai mauzo makubwa kuliko pesa zilizokuwamo kwenye caisse, lile sanduku la fedha. Mama Mariette alihesabu mara mbili, akamtazama Virginie, akahesabu tena. Hakusema neno mwizi, ila alisema kwamba ikifika Jumamosi hesabu bado hazilingani, Kanyere, binti wa dada yake, atakuja kukaa pale kwenye caisse.

Virginie aliandika taarifa yake ya kwanza kwa hasira: mashine inakosea, tena inakosea sana. Edmond akajibu kwamba kwake inajumlisha vizuri, pengine ni vidole. Ya pili ilikuwa kurasa nne, na tatu kati yake zilihusu malezi ya Edmond. Jibu lilikuwa fupi: aandike alichobonyeza, alichotegemea kuona, alichoona, na jambo hilo hutokea mara ngapi.

Alhamisi milio ya risasi ilisikika upande wa juu wa mji, wateja wakakimbilia makwao, na wenye duka wakafunga milango. Virginie alibaki na mashine, akaamua kujiuzia mwenyewe. Aliuza mchele na chumvi, hesabu ikatoka sawa. Akauza tena, ikatoka sawa, naye akaanza kuogopa kwamba kweli ni vidole. Kisha akaigiza mauzo ya asubuhi ya Moustapha, na Moustapha haondoki dukani bila kudai matabishi, kile kidogo cha bure anachopewa mnunuzi. Akaandika sabuni moja, bei sifuri, na kwa mara ya kwanza tangu awe testeur akatazama sehemu ya chini ya kioo cha mashine, kwenye jumla. Siku zote alipatana bei na mteja kwa mdomo, akapokea pesa, akabonyeza huku anacheka naye.

Jumla ilikuwa imepanda. Virginie alipiga kelele ya furaha peke yake, akachukua kalamu:

“Fungua bili mpya. Andika sabuni tatu, bei 150: jumla 450, ni sawa. Ongeza sukari kilo moja, bei 300: jumla 750, ni sawa. Ongeza sabuni moja, bei 0. Ningetegemea 750. Naona 1050. Sabuni ya bure imeuzwa kwa bei ya sukari. Ukiondoa sukari, sabuni ya bure inachukua 150, na jumla ni 600. Ukianza bili na sabuni ya bure, jumla ni 0, ni sawa. Inachukua bei ya mstari wa juu yake. Hutokea mara ngapi: kila siku, karibu kwa kila mteja.”

Aliisoma mara kadhaa kwa jinsi ilivyompendeza. Usahihi ulimpanda kichwani.

Ijumaa Moustapha aliipeleka, na Jumamosi akarudi na diski na barua. Edmond aliomba radhi: ili muuzaji asichoke kuandika, aliiamuru programu ikikuta bei tupu irudie ya juu, na ilihesabu sifuri kuwa tupu. Hakufikiri kuna mtu angeuza kitu kwa sifuri. Virginie alimpelekea Mama Mariette vyote, pamoja na nakala ya taarifa yake, akasimama kungoja sifa.

Mama Mariette alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Mwishoni kidole kikasimama.

“Virginie, haukuiba, minaona. Mashini njo ilikosa,” alisema. “Lakini matabishi ni ya mutu ananunua douzaine, kumi na mbili nzima. Huyu wa hapa alinunua sabuni tatu. Na hapa uliandika ‘karibu kwa kila mteja’.”

Wateja wote walikuwa wakimwita Virginie madame directrice, bibi mkurugenzi, naye kila alipoitwa hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sabuni. Aliona haya mpaka masikioni, akasema tu, “Ni vile, Mama.”

Kanyere hakuja. Ila Mama Mariette alimwagiza Edmond aongeze kitu: sifuri ikiandikwa pasipo bidhaa kumi na mbili juu yake, mashine ikatae na kulia kwa sauti. Aliyepewa kazi ya kujaribu ni Virginie. Alijaribu kwa sabuni tatu na moja ya bure, mbele ya Moustapha; mashine ikalia, na duka zima likageuka kutazama. Akaandika taarifa: inafanya kazi vizuri sana.