Apelekwe SC Leo

Mwaka ule wa ukame nilikuwa nimefunga kibanda changu cha kushona nguo katika soko la Tawa, nikaenda kukaa na dada yangu mdogo upande wa Kitui alikoolewa. Bwanake alikuwa ameondoka kutafuta kazi ya mjengo Mombasa, na yeye alibaki na watoto wawili: mvulana wa miaka mitatu na msichana wa mwaka mmoja na nusu. Maji yalikuwa mbali. Mtu mmoja hakuweza kuchota maji na kulea kwa wakati mmoja, kwa hivyo nikaenda.

Nilipofika, mvulana alikuwa amekonda hadi mabega yakachongoka. Lakini msichana alionekana mnene. Mashavu yalikuwa yamejaa na miguu imejaa. Majirani walimsifu. Mama mkwe wa dada alimshika kidevu akasema, "Huyu angalau amepata nyama." Mimi pia nilifurahi. Niliona tu kwamba alikuwa mkimya, na kwamba nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi kama nyuzi za mahindi yaliyokauka. Ukimweka chini alikaa alipowekwa. Hakulia, hakuomba.

Kila baada ya muda watu wa afya walikuja kupima watoto katika kanisa la pale chini, jengo la mabati lisilo na milango. Siku hiyo dada alikwenda na watoto wote wawili. Watu walikuwa wengi sana. Mvulana alipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, akapewa unga. Msichana alipewa pakiti ndogo ya lishe ya karanga, akafunga midomo akaikataa. Dada akaambiwa akae kando angoje aitwe tena. Alingoja mpaka jua likawa kali, mvulana akaanza kulia, na foleni ya maji ikawa inamsubiri. Akafikiri wamemaliza naye. Akaja nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alipanda kilimani kutafuta mtandao ampigie bwanake, na simu yake ikapokea ujumbe. Ulitoka kwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mama mmoja tuliyemjua vizuri, lakini ulionekana umetumwa kwake kwanza na mtu mwingine. Hakuongeza neno lolote. Ulisema hivi:

"Mtoto wa jana ni SAM, edema +++, AT amefeli. OTP hapana. Apelekwe SC leo. MAM aendelee SFP."

Dada alirudi mbio akanionyesha. Tulisoma mara nyingi. Maneno tuliyoyaelewa yalikuwa "mtoto", "amefeli", "apelekwe" na "leo". Tukapanda tena kilimani tukampigia mhudumu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nyumbani kwake watoto walituambia ameenda mazishini Kasikeu tangu alfajiri.

"Mtoto wetu si Sam," dada alisema. "Labda wamekosea namba."

"Na mtoto wa mwaka mmoja na nusu afeli mtihani gani?" nikauliza.

Tulimpelekea shemeji, kaka ya bwanake, ambaye ana duka sokoni na ni wakala wa pesa za simu. Shemeji ni mtu mwangalifu. Alisoma mstari mmoja tu, akashtuka.

"OTP! Hawa ni wezi. OTP ni ile namba ya siri wanayokutumia benki. Wiki iliyopita mzee mmoja hapa amemalizwa akiba yake hivyo hivyo. Usijibu. Futa."

"Lakini umetoka kwa mama wa afya."

"Wamemwibia laini yake. Wewe unafikiri wanaanzia wapi? Wanaanzia kwa mtu unayemwamini."

Dada alitaka kuufuta. Nilimshika mkono. Sikuwa na sababu ya maana, ni lile neno "leo" tu lililonisumbua. Nikasema tumwone naibu chifu, si mbali.

Naibu chifu alikuwa kwenye kivuli cha ofisi yake, watu wamemzunguka kwa sababu ya chakula cha msaada. Alivaa miwani akasoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma barua ya serikali.

"SC," akasema. "SC ni Sub-County, kaunti ndogo. Hii ni mambo ya msaada. Na hapa, mam aendelee, yaani wewe mama uendelee, labda na kujiandikisha. Mchukueni mtoto mwende ofisi ya Sub-County leo. Wakifunga orodha mtabaki nje."

Alisema kwa uhakika, na kwa nia njema. Kwake yeye herufi hizo mbili hazijawahi kuwa kitu kingine. Barua zote anazopokea zina SC juu, na SC hiyo ndiyo mkubwa wake. Nani kati yetu angembishia?

Tulimwacha mvulana na nyanya yake, tukapanda bodaboda, mtoto katikati yetu amefungwa kwa leso. Njiani dada aliniambia sikioni, akishangaa, "Mwili wake ni wa baridi." Jua lilikuwa linachoma. Nikamwambia amfunike vizuri.

Katika ofisi ya Sub-County tulielekezwa kwenye mstari wa msaada. Mstari ulizunguka jengo. Tulikaa chini tukisogea kidogo kidogo kwa makalio. Mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa mbele yetu, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, alitupatia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake. Msichana alionja, akaiacha itiririke kwenye kidevu. Yule mama alimtazama miguu. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akawaambia waliokuwa mbele yake watupishe.

Ndivyo tulivyofika mezani, mchana ukiwa umeshaenda. Karani alikuwa mtu wa makamo, amechoka. Dada alimpa simu.

"SC ni hapa, ndio," alisema. "Lakini nani amewaambia ni SC ya hapa?"

"Naibu chifu."

"Ndiye ameandika huu ujumbe?"

"Hapana. Umetoka kwa mhudumu wa afya."

"Huyo ameusukuma mbele tu. Aliyeandika ni nani? Anafanya kazi gani?"

Tangu asubuhi tulikuwa tumeuliza watu maana ya herufi, na kila mmoja alitupatia maana ya kazi yake mwenyewe. Hakuna aliyeuliza aliyeandika anafanya kazi gani.

"Mimi nikibahatisha nitawapoteza," karani alisema. "Hapa herufi hizi zina maana kumi. Mtu wa barabara ana zake, mtu wa mifugo ana zake. Mtafuteni mwenyewe awaambie kwa mdomo wake."

Nilijaribu tena simu ya mhudumu. Safari hii iliita. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba nyimbo za kaburini.

"Mlikuwa hamjaenda?" aliuliza, na sauti yake ikabadilika. "Huyo ni daktari wa lishe, yule dada aliyekuwa akipima kanisani. Aliniandikia mimi. Nilikuwa naingia garini, betri inakufa, nikaona heri niwatumie vile vile. Chukua namba yake. Mpigie sasa hivi."

Dada wa lishe alipokea mara moja. Nilimsomea ujumbe wake mwenyewe, na kila herufi nikamsimamisha.

"SAM ni mtu?"

"Hapana, mama. Ni utapiamlo mkali. Edema ni kuvimba, na hizo alama tatu maana yake amevimba mpaka usoni. Huo si unene."

"AT?"

"Ni kumjaribu kama ana hamu ya kula. Alikataa ile karanga. Ndiyo maana nikasema OTP hapana, kwa sababu OTP ni wale wanaopewa dawa ya lishe wakaenda nayo nyumbani. Huyu hawezi."

"Kwa hivyo SC ni Sub-County?"

"Mko wapi?"

Nikamwambia.

"Mungu wangu. SC ni wodi, mama. Stabilisation centre. Ni mahali pa kulazwa, hospitali kubwa. Nendeni sasa hivi, nitawapigia wawangoje."

Nilimrudishia maneno yake ili nisikosee tena: "SC, wodi ya watoto, hospitali. Si ofisi."

"Si ofisi."

"Na MAM? Ni mama?"

"Ni kaka yake. Yeye utapiamlo wake ni wa wastani, aendelee na SFP, yaani ule unga tuliompa jana. Huyo hana haraka. Kimbieni na msichana."

Karani alikuwa amesikia. Alitoka mwenyewe nje, akamsimamisha dereva wa gari la ofisi atupeleke hospitalini.

Kule wodini walimchoma kidole wakapima sukari ya damu. Ilikuwa chini sana. Wakampitishia maji ya sukari kwa mpira wa puani, kisha maziwa maalum, kidogo kidogo kila mara, maana mwili wa namna hiyo hauwezi kubeba mengi. Wakamfunika kwa blanketi pamoja na mama yake, ngozi kwa ngozi. Wakamdunga dawa ya kuua vijidudu. Walifanya kazi vizuri, nilikuwepo na niliona. Jioni alifungua macho akamtazama dada kwa muda mrefu, na tukaanza kuomba kwa moyo wa matumaini.

Alifariki kesho yake, mchana, wakati nimetoka kununua sabuni.

Dada alimuuliza daktari swali moja. "Kama tungekuja asubuhi ile?"

Daktari alikuwa kijana. Angeweza kumdanganya, upande huu au ule. Alisema, "Siwezi kusema, mama. Alikuja akiwa amechoka sana." Dada alikubali kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Tulimzika nyuma ya nyumba, ardhi ngumu mpaka jembe likaruka. Shemeji alichimba kuliko wote na hakumtazama mtu usoni. Naibu chifu alileta viti vya kanisa. Mhudumu wa afya alikaa jikoni na sufuria, analia. Dada wa lishe pia alikuja, kwa pikipiki, na vumbi mpaka kwenye kope. Alipiga magoti mbele ya dada yangu.

"Nilikuwa na watoto wengi wa kuandikia," alisema. "Niliandika kama tunavyoandikiana sisi."

Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira moyoni kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, sikuipata. Hata wengine wote niliwatafutia, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amefanya alichojua. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo: sina wa kumlaumu, na mtoto hayupo.

Dada alimwinua tu, akamwelekeza penye chai.

Nilikaa na dada miezi mingine miwili. Mvua ya Novemba ilinyesha kwa wiki moja, mahindi yakatoka, kisha ikakata na mahindi yakakauka yakiwa marefu kama kiganja. Mvulana tulikuwa tunampeleka kanisani kupimwa, na kila mara utepe ulisimama kwenye rangi ya njano, ile ya utapiamlo wa wastani. Hakushuka, hakupanda. Dada alimvua shati, akamvisha, akabeba unga, tukarudi nyumbani.