Kumi ya Sebuleni kwa Mama

Mimi napamba nyumba za watu. Nina duka la mapazia sokoni Mwanjelwa, na mteja akinionyesha kwenye simu picha ya sebule yenye rangi saba, namkalisha kwenye stuli na kumpa somo kabla sijashika futi kamba. Sitini, thelathini, kumi, katika kila mia. Sitini ni rangi inayobeba chumba: kuta, zulia kubwa, vitu ambavyo jicho linavipita bila kusimama. Thelathini ni rangi ya pili: makochi na mapazia. Kumi ndiyo ya kuchokoza: mto, chombo cha maua, fremu ya picha. Vitu havihesabiwi. Unasimama mlangoni na kutazama kila rangi imeshika eneo kiasi gani. Wateja wengi wanabisha, nami ni mbishi kuliko wote.

Baba alipofariki, mama aliacha kukaa sebuleni. Tulimzika baba na sweta lake jekundu, kwa sababu mama hakutaka apate baridi, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Baada ya msiba alibaki peke yake katika nyumba yetu ya Iringa, akishinda chumbani amegeukia ukuta. Akina mama wa kwaya walipokuja aliwakaribisha makochini, kisha akarudi kulala na kuwaacha wakitazamana. Alikuwa anakonda. Niliogopa kwamba anamfuata baba polepole, na kazi pekee ninayoiweza duniani ni kupamba vyumba. Nikapanda basi na marobota yangu.

Ile sebule niliichukia tangu usichana wangu. Kuta za kijivu, makochi na mapazia ya kahawia, basi. Sitini ipo, thelathini ipo, kumi haipo popote. Nikajiambia nimeupata ugonjwa: nani atapenda kukaa kwenye chumba kilichokufa? Nikapaka kuta krimu. Makochi nikayavisha kijani cha majani ya chai, mapazia vilevile. Halafu nikaweka mito mitatu myekundu, mmoja kochi refu, mmoja kiti cha baba, mmoja kiti cha karibu na mlango, ili jicho litembee chumba kizima. Niliondoka nikijisifu moyoni.

Niliporudi baada ya mwezi, nusura nilie. Kila kochi lilikuwa limefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kuanzia mgongoni hadi kwenye mikono na sehemu ya kukalia. Kijani yangu ilikuwa inachungulia kwenye pindo. Weupe ule ulikuwa umeungana na krimu ya ukutani, chumba kizima kikawa kama kimepakwa uji. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepima makochi kama ya dukani, nikasahau kwamba kwetu kochi halikai wazi.

"Mama, umeifunika rangi yote."

"Sasa kochi bila kitambaa si liko uchi, mwanangu? Wageni si wataniona mvivu?"

Tulivutana asubuhi nzima. Mwishowe alikubali vibaki vile vyembamba vya mgongoni tu. Nilipomaliza kuviondoa vingine, thelathini ilirudi mahali pake, na chumba kikapumua. Mama alisimama mlangoni akatazama muda mrefu.

"Pamependeza," alisema.

"Kaa basi, mama. Kaa kidogo tu."

Akakaa kwenye ukingo wa kochi, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, na moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilirudi na vikombe nikamkuta anaikusanya mito yangu. Aliipanga yote mitatu kwenye kiti cha baba, mmoja juu ya mwingine, ikafika kimo cha kifua cha mtu aliyeketi.

"Mama, ukiirundika hivyo haina kazi. Inatakiwa isambae."

"Nyekundu haikuwa inasambaa," alisema. "Ilikuwa hapo tu."

Nilisimama na vikombe mkononi. Jioni zote za utoto wangu zilinijia, baridi ya Iringa, kijivu na kahawia kila upande, na kwenye kiti kile sweta jekundu likisoma gazeti. Kumi ilikuwepo. Chumba kile kilikuwa sawasawa kwa miaka yote niliyokidharau, na mimi, fundi mzima, nilikuja kukipima baada ya kumi yake kuzikwa.

Mama aliurekebisha mto wa juu, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Kisha akatikisa kichwa.

"Si yenyewe," alisema.

Nilimwambia chai ipo tayari. Alipita mbele yangu taratibu, akaingia chumbani, na nikasikia kitanda kikilia alipogeukia ukuta.