Karatasi ya Upande wa Chini

Kabla Mama Lebo hajashika kalamu katika ghala lile, kila mchukuzi alisoma picha za makasha kwa roho yake. Kasha lenye picha ya gilasi ya mguu mmoja lilifunguliwa na wanaume watatu wenye kiu kali, wakakuta taa za hospitali, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba mmoja wao alionja taa. Lenye picha ya mwavuli liliachwa uani likanyeshewa siku mbili, kwa hoja kwamba miavuli haiogopi mvua. Ndani yalikuwa madaftari. Yakavimba mpaka kasha likaota kitambi.

Wakati huo yeye alikuwa mfagiaji. Karani mmoja aliyekaribia kustaafu alimsomea maneno ya kigeni na picha zake, neno kwa neno, naye akayatafutia Kiswahili chao. Karani alisema ile gilasi maana yake "dhaifu". Mfagiaji akakataa.

"Mchukuzi akisoma dhaifu mgongoni mwa mzigo atadhani katukanwa yeye," alisema. Akaandika: KINAVUNJIKA, TUA POLEPOLE. Mwavuli ukawa KISILOWE. Ndoano iliyokatwa kwa mistari miwili, kwenye magunia, ikawa USICHOME NDOANO. Mishale miwili inayotazama juu ikawa SIMAMISHA HIVI, USILAZE.

Aliandika kwa makapeni nyeusi, ile kalamu ya wino mnene, akabandika kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, na alikuwa na miiko miwili. Karatasi yake hukaa pembeni ya picha iliyokuja na kasha, haiifuniki. Na kila kasha hupewa karatasi mbili, moja huku na moja upande wa pili, kwa kuwa kasha likisukumwa ukutani karatasi moja humezwa na ukuta. Kwa miaka kumi na moja karatasi zake hazikudanganya. Panya wa ghala, walisema wachukuzi, walikuwa wakipita kwa kunyata mbele ya kasha la KINAVUNJIKA.

Kazi ilipozidi, akamleta wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akikaa kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Alimwombea nafasi kwa bosi, akamfundisha kuzungusha herufi mpaka mkono ukakaa sawa. Wakawa chanda na pete. Asubuhi walitoka nyumba moja, sufuria ya gundi katikati yao, kila mmoja kashika sikio moja la sufuria.

Siku moja likaja kasha refu, jembamba kama mlango. Mama Lebo akatazama mishale, akabandika huku na huku, akaagiza lisimamishwe, likafungwa kamba ukutani. Kesho yake hakwenda kazini. Jino lilikuwa limemkalia kooni wiki nzima, na siku hiyo aliamua litoke yeye abaki.

Keshokutwa yake aliporudi, shavu limevimba kama kaficha andazi, alikuta watu wamezunguka kasha. Limelala chali. Juu yake kulikuwa kumepangwa magunia, sasa yameshushwa. Fundi vioo, mwenye mzigo, alikuwa amepiga magoti pembeni. Ameng'oa ubao mmoja na ndani mmejaa vipande.

"Kioo husafiri wima," fundi alisema, hamtazami mtu. "Ukikilaza kinajivunja kwa uzito wake mwenyewe, sembuse ukikipandishia magunia. Hivi ni vya madirisha ya shule. Nani kalaza?"

"Lebo imelaza," akajibu nyapara. Yeye ndiye aliyepanga mizigo; ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na kasha la kusimama lilimlia nafasi. Akaonyesha karatasi iliyobandikwa usoni mwa kasha: UPANDE HUU JUU. "Sisi tunafuata kilichoandikwa. Mfasiri mnamjua."

Mkuu wa wachukuzi, mzee mwenye bega moja lililoshuka, akajikuna kisogo. "Mimi nilisema, jamani, miguu ya kasha hili iko kule. Nikaambiwa, mzee, soma. Nikasoma. Karatasi ya Mama Lebo nitaibishia mimi?"

Maneno hayo yalimuuma kuliko jino. Bosi akamgeukia. "Mama, kama macho yamechoka, sema. Tukupe pumziko, kazi aishike mwingine."

Mama Lebo akainama juu ya karatasi. Hakuhitaji kuinama sana. Ile U ya kwanza, yenye mkia uliojikunja kama kikombe chenye mkono, aliijua. Aliishikia yeye mwenyewe, kidole juu ya kidole, kwenye meza ya jikoni kwake. Akainua macho, akamtazama wifi yake. Alimpa muda. Alimpa muda mrefu hata nyapara akakohoa.

"Wifi," akasema, mdomo mzito. "Waambie."

Wifi akarekebisha kitambaa cha kichwa. "Mimi nabandika ninachopewa, wifi yangu. Ulichoandika ndicho nilichobandika."

Mama Lebo akameza mate yenye ladha ya damu. Kisha akamwambia mkuu wa wachukuzi, "Mzee wangu, ligeuzeni."

"La nini tena? Limeshakufa."

"Maiti huoshwa pande zote. Ligeuzeni."

Wachukuzi wanne wakaliinua, vioo vikilia ndani kama kikapu cha vijiko, wakalisimamisha kwenye miguu yake. Ubavu uliokuwa umelalia sakafu ukatazama watu. Hapo ilikuwepo karatasi yake, imechafuka vumbi: SIMAMISHA HIVI, USILAZE, na pembeni yake mishale miwili myekundu, haijafunikwa, ikitazama dari. Aliyebandua ya juu alikuwa na haraka. Ya chini aliisahau, na miiko ya mwalimu wake pia.

Kisha akailowesha ile nyingine, ya UPANDE HUU JUU, kwa kitambaa, akaibandua taratibu. Chini yake kulikuwa na mishale mingine miwili, na alama ya gundi ya karatasi yake iliyong'olewa.

"Mimi sifuniki mishale," alisema.

Fundi vioo alimtazama nyapara, nyapara akamtazama wifi, na wifi akaitazama sakafu. Ndipo ikatoka, kidogo kidogo: nyapara alitaka nafasi, na alimwahidi wifi kwamba Mama Lebo akitoka, meza na makapeni ni vyake.

"Ungeniomba," Mama Lebo alimwambia. "Meza yenyewe ina mguu mbovu. Ungeniomba tu."

Bosi akamwondoa nyapara siku ileile na kumpa fundi barua ya kukiri kosa. Kwa Mama Lebo alisema pole, mara mbili. Lakini mchana, lilipoingia kasha jipya lenye gilasi na mwavuli, naye akabandika kama kawaida, mkuu wa wachukuzi alilizunguka, akasoma, akasimama.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema kwa upole. "Hii umeandika wewe?"

"Ni mimi."

"Basi iseme na kwa mdomo. Tusikie."

Akasema kwa mdomo, taya likimwuma: kinavunjika, kisilowe. Wakalibeba. Kasha la pili wakamwuliza vilevile, na la tatu. Miaka kumi na moja, na karatasi zake sasa zilihitaji shahidi.

Asubuhi ya pili wifi alimngoja mlangoni kwa kaka yake, sufuria ya gundi mkononi, ameshika sikio moja na kuacha la pili, kama siku zote. Bosi alikuwa amemwachia Mama Lebo aamue.

Mama Lebo akaipokea sufuria yote, masikio mawili. Akachukua na brashi kutoka mfukoni mwa mwenzake.

"Chai iko mezani," alisema. "Nyumba hii ni ya kaka yako, na humu wewe ni wifi yangu, kaa. Kule sina wifi."

Akaondoka peke yake. Sufuria ilikuwa imejaa, na mtu mmoja akiibeba gundi humwagika kidogo kila hatua; barabara nzima ikabaki na matone meupe, toka mlangoni mpaka ghalani.